Itifaki ya mapitio ya kimfumo: namna ya kuweka vigezo na kuandika utafutaji

Karibuni. Video hii ni ya wauguzi mnaosoma shahada ya uzamili na mmeambiwa na msimamizi mwandike itifaki ya mapitio ya kimfumo. Tutashughulika na sehemu mbili ambazo ndizo hurudishwa na wino mwekundu mara nyingi: vigezo vya kujumuisha tafiti, na mkakati wa utafutaji. Fungua ukurasa mtupu tuandike pamoja.

Swali letu ni la wodi ya watoto njiti. Je, mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo akianza huduma ya mama kangaroo mapema, kabla hali yake haijatulia, vifo hupungua kuliko kusubiri mpaka atulie? Tunaangalia hospitali za Afrika kusini mwa Sahara.

Kabla ya kuandika lolote, ingia PROSPERO, ile sajili ya bure ya itifaki inayoendeshwa na Chuo Kikuu cha York, Uingereza, utafute kama kuna wenzako wanaofanya swali hilohilo. Tafuta pia mapitio yaliyokwisha kuchapishwa. Ukikuta yapo na ni ya karibuni, badilisha swali sasa, kwa sababu baada ya miezi sita itakuuma.

Sasa ligawe swali katika vipande vinne: watu, afua, ulinganisho na matokeo. Watu ni watoto wenye uzito mdogo. Afua ni kangaroo iliyoanza mapema. Ulinganisho ni kangaroo iliyoanza baada ya mtoto kutulia. Matokeo ni kifo ndani ya siku 28. Ongeza aina ya utafiti: hapa tunataka majaribio yaliyogawa washiriki kwa bahati nasibu.

Tatizo ni kwamba maneno hayo bado ni laini mno. "Uzito mdogo" ni gramu ngapi? "Mapema" ni saa ngapi? Ukiyaacha hivyo, wewe na mwenzako mtasoma makala ileile, mmoja aseme iingie na mwingine aseme itoke, na wote mtakuwa sahihi. Kwa hiyo tuandike rasimu: uzito chini ya gramu 2000, kangaroo ianze ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa.

Rasimu hii tuijaribu kwa tafiti mbili zinazojulikana. Ya kwanza iliratibiwa na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2021. Ilifanyika katika hospitali tano, katika nchi za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Watoto walikuwa na uzito kuanzia gramu 1000 hadi chini ya 1800, kwa hiyo uzito unapita. Muda unapita pia: nusu ya watoto wa kundi la afua walikuwa wameanza ndani ya saa 1.3. Lakini India haiko Afrika. Je, tuutupe utafiti mkubwa kiasi hicho kwa sababu ya hospitali moja? Kigezo chetu cha mahali hakisemi. Tukiongeze sentensi moja: utafiti wa nchi nyingi utaingia iwapo vituo vyake vingi viko katika eneo letu, na tutawaomba waandishi matokeo ya kila kituo.

Utafiti wa pili ulifanyika Uganda na kuchapishwa mwaka 2024. Ulipokea watoto wa gramu 700 hadi 2000 ambao hawajafikisha saa 48. Hapa rasimu yetu inakwama mara mbili. Mtoto wa gramu 2000 kamili tumemfungia nje kwa neno "chini ya", na mtoto aliyeanza kangaroo akiwa na saa 30 tumemfungia nje kwa saa 24. Uzito ni rahisi: andika "gramu 2000 au pungufu". Saa zinahitaji kufikiri. Swali letu lilikuwa kuanza kabla ya mtoto kutulia, na hali hiyo inaweza kudumu zaidi ya siku moja, kwa hiyo saa 48 inakubalika kitabibu. Andika sababu hiyo ndani ya itifaki. Angalia kwamba tumebadilisha kigezo kwa sababu ya swali. Kukibadilisha kwa sababu utafiti fulani una matokeo unayoyapenda ni upendeleo, na ndiyo maana itifaki huandikwa na kusajiliwa kabla ya uchujaji.

Vigezo vya kuondoa viwe vifupi. Usirudie kigezo cha kujumuisha kwa kukigeuza kinyume. Taja tu yale ambayo yangepita vigezo vya kwanza lakini huyataki, kwa mfano makala za muhtasari wa mkutano zisizo na takwimu za kutosha.

Twende kwenye utafutaji. Kosa kubwa ninaloliona ni kuingiza vipande vyote vinne kwenye kisanduku cha PubMed. Usifanye hivyo. Utafutaji husoma kichwa na ikisiri, na waandishi wengi hawataji kwenye ikisiri kila tokeo walilopima wala kila nchi. Ukiweka neno la vifo, makala iliyotaja vifo kwenye jedwali la tatu tu haitaonekana, na hutajua kama umeikosa. Tafuta kwa watu na afua pekee; mengine utayachuja kwa macho.

Kila kipande kinahitaji maneno ya aina mbili: istilahi rasmi za MeSH, na maneno ya kawaida yanayoandikwa na waandishi, ambayo huwekewa [tiab] ili yatafutwe kwenye kichwa na ikisiri. Makala mpya huchukua muda kabla ya kupewa istilahi, kwa hiyo ukitegemea MeSH peke yake utakosa zilizo mpya kabisa. Nakili hivi:

```
#1 "Kangaroo-Mother Care Method"[Mesh] OR
   "kangaroo mother care"[tiab] OR
   "kangaroo care"[tiab] OR
   "skin-to-skin"[tiab]
#2 "Infant, Low Birth Weight"[Mesh] OR
   "Infant, Premature"[Mesh] OR
   preterm*[tiab] OR prematur*[tiab] OR
   "low birth weight"[tiab] OR
   "low birthweight"[tiab]
#3 #1 AND #2
```

Ndani ya kundi moja tunatumia OR, kati ya makundi tunatumia AND. Nyota inachukua miisho yote ya neno. Na ndiyo, "birthweight" imeandikwa kwa namna mbili makusudi, maana kompyuta haijui kuwa ni kitu kimoja. Usiweke kichujio cha lugha. Makala za Kifaransa kutoka Kameruni au Kongo ni sehemu ya eneo letu.

Sasa pima wavu wako. Chukua namba za PMID za makala tano au sita unazojua lazima ziwemo, zitafute pamoja kwa OR ziwe #4, kisha andika:

```
#4 NOT #3
```

Jibu likiwa sifuri, zote zimenaswa. Ikibaki moja, ifungue uone waandishi walitumia neno gani, uliongeze, upime tena.

Ukihamia CINAHL, hifadhidata ya makala za uuguzi, usibandike mistari hii kama ilivyo. CINAHL ina orodha yake ya istilahi, na [tiab] haifanyi kazi huko. Unaandika TI kwa kichwa na AB kwa ikisiri. Tafuta istilahi upya kwenye orodha yao, kisha hifadhi kila mkakati neno kwa neno pamoja na tarehe, uuweke kwenye kiambatisho.

Mwisho, kabla ya kusajili PROSPERO, wewe na mchujaji mwenzako mchukue vichwa 50 kutoka #3 na kila mmoja avichuje peke yake, kwa majaribio tu. Pale mlipotofautiana, kigezo ndicho kinachohitaji kurekebishwa. Mkishasajili, badiliko lolote liandikwe pamoja na tarehe na sababu yake.