Thamani za aijeni za matriksi othogonali si 1 na −1 peke yake

Karibuni, tukae tuanze. Maana ya thamani ya aijeni mnaijua: Ax = λx, na x si sifuri. Sitairudia. Leo nataka tushughulikie sentensi moja ambayo nimeipinga mara nyingi na nitaendelea kuipinga: "Matriksi ikiwa othogonali, thamani zake za aijeni ni 1 au −1." Sentensi hiyo si kweli. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba huja na uthibitisho wake, umeandikwa vizuri, mstari kwa mstari, na anayeusoma haraka anatikisa kichwa kukubali.

Hebu tuuandike ubaoni. A ni othogonali, yaani namba zake ni halisi na AᵀA = I. Tunaanza na Ax = λx. Tunapindua pande zote mbili, safu za mlalo ziwe za wima: xᵀAᵀ = λxᵀ. Tunazidisha hizo mbili: xᵀAᵀAx = λ²xᵀx. Lakini AᵀA ni I, kwa hiyo xᵀx = λ²xᵀx. Tunagawa kwa xᵀx, tunapata λ² = 1. Basi λ ni 1 au −1.

Kosa liko wapi? Msiniambie "mahali fulani katikati". Nionyesheni mstari.

Tuchukue matriksi moja tuipime. Safu yake ya mlalo ya kwanza ni 3/5, −4/5, na ya pili ni 4/5, 3/5. Kila safu ya wima ina urefu wa 1, na safu hizo mbili zimesimama kwa pembe mraba. Ni othogonali, hakuna ubishi. Inazungusha bapa zima kwa pembe ya digrii 53 na ushei. Sasa nipeni vekta halisi ambayo baada ya kuzungushwa hivyo inabaki kwenye mstari wake ule ule. Haipo. Polinomia yake bainifu ni λ² − (6/5)λ + 1, na mizizi yake ni (3 + 4i)/5 na (3 − 4i)/5. Hakuna 1 wala −1 hapo.

Najua kuna atakayenyanyua mkono aseme: mwalimu, matriksi ina namba halisi tupu, hiyo i imetoka wapi? Imetoka kwenye polinomia. Polinomia yenye namba halisi haina wajibu wa kuwa na mizizi halisi, na hilo mmelijua tangu sekondari. Ukikubali λ iwe namba changamano, lazima ukubali pia kwamba x itakuwa changamano. Hapo ndipo uthibitisho wetu unapovunjika.

Kwa λ = (3 + 4i)/5, vekta yake ni x = (1, −i). Hakikisheni wenyewe: kijenzi cha kwanza cha Ax ni 3/5 + 4i/5, ambacho ni λ hasa, cha pili ni 4/5 − 3i/5, ambacho ni λ mara −i. Safi. Sasa tafuteni xᵀx. Ni 1 mara 1, kujumlisha −i mara −i. Yaani 1 − 1. Sifuri!

Mmeona? Mstari wa mwisho uligawa kwa sifuri. Hatua zote zilizotangulia ni halali, na kinachotoka kihalali ni hiki: ama λ² = 1, ama xᵀx = 0. Watu wanaandika nusu ya kwanza na kuiacha ya pili, wakati mizunguko karibu yote inaishi kwenye hiyo nusu ya pili.

Dawa yake ni kupima urefu inavyostahili. Vekta ikiwa changamano, usipindue tu; pindua na ubadilishe kila namba kwa mwenza wake, a + bi iwe a − bi. Tunaandika x*. Hapo x*x ni jumla ya miraba ya ukubwa wa vijenzi, na haiwi sifuri mpaka x yenyewe iwe sifuri. Kwa (1, −i) ni 2. Rudieni hatua zile zile: x*A*Ax inatoa |λ|²x*x upande mmoja na x*x upande mwingine. Sasa tunagawa bila wasiwasi: |λ| = 1. Thamani zote ziko juu ya duara la nusukipenyo 1. Kwa matriksi unitari, yenye A*A = I, uthibitisho ni huo huo bila kubadilisha herufi, kwa sababu othogonali halisi ni unitari ambayo namba zake zimetokea kuwa halisi.

Sharti la namba halisi halikuwekwa kwa urembo. Chukueni safu 5/4, −3i/4 na 3i/4, 5/4. AᵀA yake ni I kabisa, pigeni hesabu. Lakini thamani zake ni 2 na 1/2, nje na ndani ya duara. Wala msigeuze kauli kichwa chini: safu 1, 1 na 0, 1 zina thamani 1 mara mbili, iko juu ya duara, na matriksi hiyo si othogonali.

Muda unakwenda, niingie kwenye zile zenye Kᵀ = −K, namba zake halisi. Kutoka Kx = λx tunapata x*Kx = λx*x. Tukichukua mwenza na kupindua, kushoto kunakuwa x*K*x, ambayo ni −x*Kx, na kulia mwenza wa λ mara x*x. Kwa hiyo mwenza wa λ ni −λ, na hilo linawezekana tu kama sehemu halisi ya λ ni sifuri. Thamani zote ziko kwenye mhimili wa i. Mfano: safu 0, −2, 2, kisha 2, 0, −1, kisha −2, 1, 0. Polinomia yake ni λ³ + 9λ, thamani ni 0, 3i na −3i. Ile sifuri si bahati: mizizi isiyo halisi huja jozi jozi, namba 3 ni witiri, mmoja lazima ubaki peke yake, na kwenye mhimili huo namba halisi ni sifuri tu. Vekta yake ni (1, 2, 2).

Uhusiano wa mhimili na duara niliutaka uwe na nusu saa yake. Nitausema kwa mfano mmoja. Cayley aliuonyesha mwaka 1846. Ukiwa na K ya aina hii, (I − K)⁻¹(I + K) ni othogonali, na kila λ ya K inageuka (1 + λ)/(1 − λ). Wekeni safu 0, −1/2 na 1/2, 0. Thamani moja ni i/2, na (1 + i/2)/(1 − i/2) ni (3 + 4i)/5. Ni matriksi yetu ile ile. Namba moja ya duara haifikiwi kamwe kwa njia hii, nayo ni −1, kwa sababu 1 + λ = −(1 − λ) ingedai 1 = −1. Kwa hiyo mzunguko wa digrii 180 kwenye bapa haupatikani kwa K yoyote.