Poli moja, ziro moja: kuchora grafu ya Bode kwa rula

Haya, tazameni ubaoni. Volteji inaingia, inapita rezista R1 ya kiloomu 9, kisha inakutana na njia ya kushuka chini: rezista R2 ya kiloomu 1 ikifuatana na kapasita C ya mikrofaradi 0.1. Tunapima volteji juu ya njia hiyo ya kushuka, yaani R2 na C kwa pamoja. Ni kigawanyo cha volteji tu, ila mguu mmoja una kapasita. Gawanya, zidisha juu na chini kwa sC, s ikiwa masafa changamano, utapata H(s), uwiano wa volteji inayotoka kwa inayoingia:

```
H(s) = (1 + s·R2·C) / (1 + s·(R1+R2)·C)
     = (1 + s/10000) / (1 + s/1000)
```

Sehemu ya chini inakuwa sifuri s ikiwa −1000: hiyo ndiyo poli. Ya juu inakuwa sifuri kwenye −10000: hiyo ndiyo ziro. Angalieni kwamba poli imezihesabu rezista zote mbili, kwa sababu kapasita hujaa kupitia zote. Wengi huandika R1 peke yake, na hapo kona, mahali mstari wa grafu unapopinda, inakaa pasipo pake.

Sasa chukueni rula. Mhimili wa chini ni masafa kwa logi, radiani kwa sekunde; wa wima ni ukubwa wa H kwa desibeli. Masafa yakiwa madogo sana, kapasita ni kama waya uliokatika. Chote kinachoingia kinatoka, kwa hiyo anzeni na mstari mlalo wa desibeli 0. Mkifika 1000, poli inauinamisha: desibeli 20 chini kila masafa yanapoongezeka mara kumi. Mkifika 10000, ziro inaleta 20 za kupanda, zinafutana, na mstari unalala tena kwenye −20.

Msiniamini, hakikisheni. Masafa yakiwa makubwa mno kapasita ni kama kipande cha waya, zinabaki rezista mbili: 1 kwa 10, yaani 0.1, ambayo ni desibeli −20 kamili. Mstari wenu ukilala kwingine, kuna kona mmeikosea.

Mchirizi halisi haukunji kona kali hivyo. Kwenye 1000 uko karibu −3, na kwenye 10000 uko karibu −17, juu ya mstari wa rula. Katikati, karibu 3162, unaugusa mstari kwenye −10 barabara, maana kosa la poli na la ziro yanafutana.

Na jenereta ya mawimbi husoma hezi, si radiani. Gawanyeni kwa 2π: kona zenu ni karibu hezi 159 na 1592. Niliwahi kupoteza alasiri nzima nikibadilisha kapasita zisizo na hatia, kumbe nilikuwa nasaka kona kwenye hezi 1000.

Ukiongeza koili, poli zaweza kuja mbili kama pacha changamano, na penye kona pakaota nundu ambayo rula haiioni kabisa. Hizo tutazichora wiki ijayo.