Umri wa madeni: ripoti moja ya programu ya uhasibu ambayo meneja anapaswa kuisoma mwenyewe

Ndugu mameneja, nashukuru kwa nafasi hii. Kwa kuwa najua wengi wenu mnarudi ofisini mara tu baada ya hapa, sitazungumzia kila kitu kinachofanywa na programu ya uhasibu. Nitazungumzia ripoti moja tu, ile inayopanga madeni ya wateja kwa umri wake, kwa sababu kwa maoni yangu hiyo peke yake inatosha kuhalalisha gharama ya programu nzima.

Tuchukue mfano wa kampuni inayouza vifaa vya ujenzi kwa jumla hapa Dar es Salaam, na inayowapa wateja wake siku 30 za kulipa. Mwezi Machi imeuza bidhaa za shilingi milioni 50, na ikiongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ankara zake zinafikia milioni 59. Bidhaa ilizonunua mwezi huo ziligharimu milioni 40 pamoja na kodi ya milioni 7.2. Hesabu ya faida inapendeza. Hata hivyo, ifikapo tarehe 20 Aprili kampuni inatakiwa kuwasilisha ritani na kulipa TRA tofauti ya kodi hizo mbili, yaani milioni 1.8, hata kama hakuna mteja aliyelipa, kwa kuwa kodi hiyo haisubiri mteja alipe. Msambazaji naye anasubiri milioni 47.2 mwishoni mwa Aprili, na benki kuna milioni 12.

Meneja akimuuliza mhasibu wake, anajibiwa kwamba wateja wanadaiwa milioni 96. Jibu hilo ni sahihi, lakini halimsaidii. Programu, kwa kuwa inatunza tarehe ya kila ankara na kila malipo, inaweza kuigawa jumla hiyo papo hapo. Katika QuickBooks, kwa mfano, ripoti yenyewe inaitwa A/R Aging Summary. Hapo meneja anaona kwamba milioni 41 hazijafikia muda wa kulipwa, milioni 19 zimechelewa hadi siku 30, milioni 8 hadi siku 60, milioni 4 hadi siku 90, na milioni 24 zimepita siku 90.

Naomba tukae kidogo kwenye hizo milioni 24. Milioni 21 kati yake ni za mkandarasi mmoja, na ukifuata mstari wa jina lake unakuta kwamba amechukua tena mzigo wa milioni 13 mwezi huohuo wa Machi. Ofisa mauzo alimpa kwa sababu ni mteja mkubwa, na wakati huo daftari la madeni lilikuwa kwa mhasibu. Hakuna aliyefanya hila. Watu wawili walikuwa na nusu mbili za habari moja. Programu nyingi zinaruhusu kuweka kikomo cha mkopo kwa kila mteja, ili anayeandaa ankara aonywe kabla mzigo haujatoka, na kikomo hicho kinapaswa kuwekwa na meneja mwenyewe.

Milioni 3 zilizobaki zina hadithi tofauti. Mteja wake ana deni la milioni 3 lililopita siku 90, na katika safu ya yasiyofikia muda ana milioni 3 yenye alama ya kutoa. Maana yake ni kwamba alishalipa, ila malipo yaliingizwa bila kuunganishwa na ankara yake. Jambo hili hutokea sana pale mteja anapolipa kwa simu na muamala ukaja kwa jina la karani wake badala ya jina la kampuni. Kwa hiyo, kabla hujampigia mtu simu ya kumdai, tazama kama kuna namba yenye alama ya kutoa kwenye mstari wake. Kumdai aliyelipa ni aibu, na huharibu uhusiano uliojengwa kwa miaka.

Kuna vipimo viwili vya kujua kama ripoti inaaminika. Kwanza, jumla yake lazima ilingane na akaunti ya wadaiwa kwenye mizania ya tarehe ileile. Ikitofautiana, mtu ameandika kwenye leja moja kwa moja bila kupitia kwa mteja. Pili, ichapishe ripoti ya tarehe 31 Machi leo, kisha uichapishe tena ya tarehe hiyohiyo baada ya wiki mbili. Namba zikibadilika, kuna anayeingiza miamala kwa tarehe za nyuma, na dawa yake ni kufunga mwezi kwa nywila ambayo karani hana.

Ikiwa madeni yenu bado yako kwenye vitabu, mwambieni mhasibu aingize kila ankara ambayo haijalipwa peke yake, kwa tarehe yake halisi. Wengi huingiza jumla moja kwa kila mteja ili kuokoa muda, na tangu siku hiyo programu huyahesabu madeni ya mwaka jana kama ya leo.