Kipimo cha koo kikisema hasi: kijiti kilifika wapi?

Tazameni kijiti hiki. Ncha yake ni nyuzi za kiwandani, si ile pamba ya kusafishia masikio. Watu wengi wakija kupimwa koo, kumtafuta bakteria anayeitwa streptokoki kundi A, huwa macho yote yako kwenye mistari ya kipimo. Mimi hukitazama kijiti zaidi, na mkifika mwisho wa video mtajua kwa nini.

Mgonjwa wetu leo ni msichana wa miaka 8 kutoka Kisauni. Mama yake ameturuhusu tupige video bila kuonyesha uso. Koo lamuuma tangu juzi, joto lake ni 38.7, hakohoi wala hana mafua, na ukimgusa hapa chini ya taya, tezi zimevimba na anaruka kwa maumivu. Hayo ya kutokohoa msiyapuuze. Koo linalokuja na kikohozi, mafua na sauti kukauka mara nyingi ni virusi, na hapo pengine hata kijiti hakihitajiki.

Bibi yake amesema ni kimio kimeanguka, atafutwe mtu akikate. Bibi, shikamoo, lakini kimio hakina kosa hapa. Kikikatwa, mtoto atatoka damu, na ugonjwa utabaki pale pale ulipo.

Kabla sijafungua paketi nauliza jambo moja zaidi: ameshakunywa dawa? Mama anasema hapana. Nauliza tena kwa njia nyingine: kuna kopo la amoksilini lililobaki nyumbani, la kakake labda? Hapana, kweli. Sawa. Dozi chache tu za dawa hiyo zaweza kuwafanya bakteria wasiote maabara hata kama ndio walioleta homa. Angekuwa ameshaanza dawa, ningeandika hivyo kwenye fomu, na majibu ya hasi ningeyasoma kwa shaka kubwa.

Na hili ni onyo. Mtoto akiwa anadondosha mate kwa kushindwa kumeza, anapumua kwa kelele, au hawezi kufungua mdomo, usimtie kijiti wala kijiko kooni. Mpeleke hospitali sasa hivi.

Haya, hatua ya kwanza ni maji. Ametoka skuli na ulimi wake ni mwekundu kama lipstiki: mabuyu. Anasukutua mara mbili, anatema, ndipo niweze kuona wekundu wa koo ni upi na wa rangi ni upi.

Hatua ya pili ndiyo yenyewe. Taa inaangalia ndani, kibao cha kukandamizia ulimi kiko mkono wa kushoto, na vijiti viwili nimevishika pamoja mkono wa kulia. "Sema aaa, mwanangu." Sogeza kamera kidogo. Mnaona findo la huku na findo la huku, yamevimba, yana madoadoa meupe. Vijiti vinasugua findo moja, vinapita ukuta wa nyuma ya koo, vinasugua findo la pili, na pale penye weupe navizungusha. Havigusi ulimi, havigusi shavu, havigusi kimio, wakati wa kuingia wala wa kutoka. Amekohoa na macho yamemtoka machozi. Pole, mama. Hivyo ndivyo inavyokuwa kijiti kikifika. Mtoto akitabasamu muda wote, mimi huingiwa na wasiwasi.

Miaka ya mwanzo kazini niliwahi kupima mvulana aliyekuwa akipigana nami kwa miguu na mikono. Nilichopata ni mate ya ulimini, nikajiambia inatosha. Kipimo kikatoa hasi safi kabisa. Mwenzangu alipochukua upya, mstari ukatokea kabla hata dakika mbili hazijaisha. Koo lilikuwa lile lile na paketi ile ile. Tofauti ilikuwa mkono wangu.

Hatua ya tatu ni kipimo cha haraka. Kijiti kimoja nakiweka kando kwenye mfuko wake, nitakihitaji. Kwenye kijaluba hiki natia matone 4 ya chupa ya kwanza na matone 4 ya chupa ya pili. Hiyo ni kwa paketi hii. Yako fuata karatasi yake. Chupa moja ina sodiamu nitriti na nyingine ina asidi ya siki. Zikikutana zinatengeneza asidi inayobandua sukari fulani kwenye ukuta wa bakteria wetu, streptokoki kundi A. Sukari hiyo ndiyo inayotafutwa. Nazungusha kijiti ndani, nakiacha dakika 1, nakikamua kwenye kuta za kijaluba, nakitupa. Sasa nachovya ukanda. Maji yanapanda taratibu, na kama sukari ile imo, itanaswa na kingamwili zilizopakwa pale penye herufi T.

Nasoma dakika ya 5. Baada ya dakika 10 sisomi tena, kwa sababu ukanda ukikauka waweza kuchora kivuli cha mstari ambacho si jibu. Na kwa wenzangu wa Mombasa: paketi nyingi zimeandikwa zihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 30. Mwezi wa Machi, kabati lililo chini ya bati linapita 30 kabla ya adhuhuri. Weka kipimajoto ndani ya kabati, usikisie.

Dakika 5 zimefika. Mstari wa C upo. Penye T ni peupe. Nimeugeuza kwenye mwanga, hakuna hata kivuli. Hasi.

Sasa mstari wa C umetuambia nini? Umetuambia maji yamepanda na ukanda umefanya kazi. Haujui kijiti kilitoka kooni au kilitoka ulimini. Ungechovya ukanda huu kwenye mchanganyiko ule bila kumgusa mtu yeyote, C ingetokea vile vile. Ndiyo maana nilitaka mtazame kijiti.

Tuseme kijiti kilifika vizuri, kama leo. Bado kuna hesabu. Kwa watoto, vipimo hivi hukamata takriban 85 kati ya kila wagonjwa 100 wenye bakteria huyu. Chukua watoto 100 wenye koo, na tuseme 25 wanaye. Kipimo kitawaona 21 na kuwakosa 4. Wale 75 wasio naye, 71 hivi watapata hasi. Kwa hiyo chumba cha "hasi" kina watoto 75, na 4 kati yao wamejificha humo. Ni kama mmoja katika 19. Si mbaya.

Lakini binti yetu si mtoto yeyote tu mwenye koo. Ana homa, ana madoa meupe, ana tezi, hakohoi. Kwa watoto wanaofanana naye, karibu nusu huwa naye. Rudia hesabu kwa 50 na 50: kipimo kinakosa 7 au 8, na chumba cha hasi kina watu 55 hivi. Sasa aliyejificha ni mmoja katika 7 au 8. Hasi ni ile ile, ukanda ule ule, ila uzito wake umepungua kwa sababu ya yale tuliyoyaona kabla ya kupima.

Ndiyo maana kijiti cha pili kipo. Hatua ya nne ni kuotesha. Sahani hii ina agari iliyotiwa damu ya kondoo. Kuna wanaotumia damu ya binadamu iliyopita muda kwenye benki ya damu. Mimi siipendi, kwa sababu huweza kuwa na kingamwili au mabaki ya dawa yanayomzuia bakteria yule yule unayemtafuta. Nabingirisha kijiti pembeni mwa sahani, kisha kwa kitanzi cha waya natandaza mistari ili bakteria waachane mmoja mmoja. Nachoma agari mara mbili tatu, kwa kuwa huku chini penye hewa kidogo uharibifu wa damu huonekana vizuri zaidi. Sahani inaingia kwenye inkubeta, nyuzi 35 hadi 37, mpaka kesho.

Na leo ndiyo kesho. Inua sahani kwenye mwanga. Mnaona vidoti vidogo vya kijivu, si vikubwa kuliko kichwa cha pini, na kila kimoja kimezungukwa na duara angavu ambapo damu imeyeyuka kabisa? Ni vichache, nimehesabu 12. Nachukua kimoja nakipaka kwenye karatasi ya PYR, ile ya kumtambulisha bakteria huyu, natia tone la dawa yake. Imekuwa nyekundu. Ni streptokoki kundi A. Kama sahani ingekuwa tupu, ningeirudisha siku ya pili kabla ya kusema hasi.

Kwa hiyo kipimo cha jana kilidanganya? Hapana, kilihitaji sukari nyingi kuliko iliyokuwepo. Sahani haihitaji wengi, inawapa wachache usiku mzima wa kuzaana. Ubaya wa sahani ni huo huo pia: kuna watoto wanaobeba bakteria huyu kooni bila kuumwa naye, na vidoti vichache havikuambii kama huyu ndiye mwenye kosa au ni mpangaji tu. Kwa binti huyu, dalili zote ziko upande mmoja, na daktari amemwandikia dawa ya siku 10.

Mama aliuliza kama tumemchelewesha. Leo ni siku ya nne tangu koo lianze. Sababu kubwa ya kumtibu mtoto ni kuzuia homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo, na dawa ikianza ndani ya siku 9 bado inaizuia. Kusubiri sahani usiku mmoja hakukumgharimu kitu upande huo.

Kisha akataka na yeye apimwe, maana koo linamkereketa. Lakini yeye anakohoa tangu Jumatatu, pua zinatiririka na hana homa. Nilimwambia nikimpima na ikawa hasi, nitaiamini na sitaotesha chochote, kwa hiyo kipimo hakitabadilisha atakachofanya. Alicheka, akaomba angalau fomu ya mtoto aende nayo nyumbani kwa bibi.

Fomu ni hii. Kwenye jibu la kipimo cha jana sikuandika "hana kitu". Nimeandika: streptokoki kundi A haikuonekana kwa kipimo cha haraka. Haisemi chochote kuhusu streptokoki kundi C au G, wala dondakoo, wala virusi, kwa sababu ukanda ule haukuulizwa habari zao. Chini yake, kwa kalamu ya leo, iko ile ya sahani.