Sikio Kwanza, Ulimi Baadaye: Kufundisha Tofauti ya "Ship" na "Sheep"

Mhadhara kwa walimu wa Kiingereza, Kisumu

Walimu wenzangu, nawashukuru kwa kufika. Ningependa leo tushughulikie jambo moja tu, nalo ni jozi finyu, yaani maneno mawili yanayotofautiana kwa sauti moja pekee, na hasa jozi za aina ya "ship" na "sheep". Wengi wetu tulifundishwa, na sisi tukafundisha vivyo hivyo, kwamba sauti ya "ship" ni fupi na ya "sheep" ni ndefu. Maelezo hayo yana ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayomkwamisha mwanafunzi.

Tofauti iliyo kuu ni ya mahali ulimi unapokaa. Katika "sheep" ulimi umeinuka sana upande wa mbele, karibu kabisa na irabu yetu ya "siri". Katika "ship" umeshuka kidogo, umerudi nyuma kidogo, na umelegea. Urefu upo, lakini hautegemei irabu peke yake, kwa maana konsonanti inayofuata nayo huubadilisha. Irabu ya Kiingereza ikifungwa na konsonanti sighuna, kama vile p, t au k, hukatwa ikawa fupi. Ikifungwa na konsonanti ghuna, kama b, d au g, huachwa ikavutika. Kwa sababu hiyo irabu ya "beat", inayoitwa ndefu, hutoka kwa muda unaokaribiana na wa "bid", inayoitwa fupi. Mwanafunzi anayepima kwa muda tu atakwama papo hapo.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika eneo letu. Kiswahili kina irabu tano, na aliyekulia katika Kiswahili huzisikia "ship" na "sheep" kama i ileile. Lubukusu nayo ina irabu tano, ila urefu wa irabu hubadilisha maana ya neno, kwa hiyo Mbukusu akiambiwa "fupi na ndefu" huudaka urefu mara moja, kwa kuwa sikio lake limezoea kuupima. Dholuo kwa upande wake ina irabu tisa, ingawa huandikwa kwa herufi tano tu, na miongoni mwa irabu hizo zimo i mbili zinazotofautishwa na mkao wa ulimi na koo. Mwanafunzi Mjaluo basi anaingia darasani akiwa na tofauti inayokaribiana sana na ile tunayotaka kumfundisha, nasi tunamwambia ahesabu urefu! Mwambieni asikilize kama anavyosikiliza nyumbani, na wengi watashtuka kuona kwamba wanaisikia.

Tutajuaje basi mwanafunzi anasikia nini? Chukueni maneno manne: "beat", "bit", "bead" na "bid". Hakikisheni kwanza kwamba maana zake zinafahamika, yaani kupiga, kipande kidogo, ushanga na zabuni, kwa kuwa neno lisilojulikana hupima msamiati na si sikio. Andikeni kila neno kwenye vikaratasi vitano, vichanganyeni vyote ishirini mfukoni, kisha mvitoe kimoja kimoja na kuvisoma. Mwanafunzi anaandika 1 akisikia sauti ya "ship" na 2 akisikia sauti ya "sheep". Mfuko ni wa lazima, kwa sababu mwalimu anayepanga orodha kichwani hupokezana moja, mbili, moja, mbili, na watoto huugundua mpangilio huo upesi kuliko sauti zenyewe. Finikeni mdomo kwa karatasi pia, maana midomo hupanuka katika "sheep" na mwanafunzi hodari atasoma uso wenu. Kila neno lisomwe kwa kiimbo kilekile. Tukisoma jozi kwa mfululizo, sauti hushuka kwenye neno la pili, na darasa likajibu kwa kufuata mshuko huo.

Tuseme mwanafunzi mmoja amepata 14 kati ya 20. Anayekisia tu hupata kama 10, kwa hiyo tungeelekea kusema kwamba anaendelea vizuri. Sasa igawanyeni alama hiyo kwa maneno. "Bit" amepata zote tano, "bead" zote tano, lakini "beat" mbili tu na "bid" mbili tu. Jumla ilikuwa imetuficha jambo: mwanafunzi huyu anasikiliza muda. "Bit" ni fupi kwelikweli na "bead" ni ndefu kwelikweli, ndiyo maana hakuyakosa, ilhali yale mawili ya katikati anayabahatisha. Kumpa zoezi zaidi la "bit" na "bead" ni kumpa sifa bila kumfundisha. Dawa yake ni kuyaweka "beat" na "bid" mfululizo mara nyingi, na kumwambia jibu sahihi papo hapo baada ya kila neno, si mwisho wa zoezi.

Liko swali ambalo najua mnalo ingawa hamjaliuliza: vipi ikiwa mwalimu mwenyewe hazitofautishi? Kiingereza chetu cha Kenya aghalabu huziunganisha sauti hizi, na baina yetu tunaelewana bila taabu, kwa hiyo hakuna aibu. Fanyeni jaribio lile ninyi kwanza, mkisomewa na mtu mwingine au kwa sauti zilizorekodiwa za kamusi za mtandaoni. Tena ni heri kutumia sauti za watu kadhaa. Mwaka 1991 Logan, Lively na Pisoni waliwafunza Wajapani kutofautisha r na l za Kiingereza kwa sauti za wasemaji mbalimbali, na kazi hiyo ikafungua njia ya mazoezi ya namna hii. Anayefunzwa na sauti moja huishia kumjua msemaji yule.

Kutamka kufuate baada ya sikio kutulia. Mwanafunzi aanze na i ya "siri", kisha aushushe ulimi polepole kuelekea e ya "keki", asimame kabla ya kufika. Akipitiliza, "bit" itageuka kuwa "bet", ambalo ni neno jingine, na hilo ndilo kosa linalotokea mara nyingi baada ya maelezo yangu haya. Kwa hiyo mwombeni atamke "beat, bit, bet", na mwenzake aliyempa mgongo aonyeshe kwa vidole ni neno la ngapi alilolisikia.

Mwishowe sauti ziingizwe kwenye sentensi, lakini si za meli na kondoo, kwa sababu hakuna atakayedhani kwamba kondoo ametia nanga bandarini. Tafuteni sentensi ambazo muktadha hausaidii. Jamaa wa mgonjwa akimwuliza muuguzi "Will he leave?" jibu laweza kuwa "kesho asubuhi", akiuliza "Will he live?" jibu ni jingine kabisa. Mwanafunzi mmoja aulize, mwingine ajibu, na jibu lenyewe litadhihirisha neno lililosikika.

Mtajaribiwa kuuhamishia utaratibu huu kwenye "full" na "fool". Kusikiliza na kutamka kutafaa, lakini jaribio la maneno manne halitawezekana kwa urahisi, kwani jozi za sauti hizo ni chache mno katika Kiingereza na baadhi huishia na l, kama "pull" na "pool". Hapo itawalazimu kutumia wasemaji wengi na maneno machache.