Pampu si vocha

Ndugu zangu, walionisikia kabla ya leo wanajua kwamba nikizungumzia vifaa vya sola vinavyouzwa kwa malipo ya kila siku, naanzia kwenye vocha ya simu. Mwenye shilingi 50 ananunua maongezi ya 50, yakiisha ananyamaza mpaka apate nyingine. Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ikaanza kuuza sola Kenya kwa mtindo huo: unatoa kianzio, kisha shilingi 40 kwa siku kupitia M-Pesa. Ndani ya boksi la mtambo mna laini ya simu, ambayo kampuni inaitumia kulifungua na kulifunga kwa mbali. Ukilipa taa zinawaka, usipolipa boksi linajifunga. Ukitimiza malipo 365, mtambo ni wako.

Watu wakaniambia, "Basi hiyo ni vocha ya umeme." Hapana! Asiyenunua vocha hadaiwi. Huyu wa sola ana paneli ya kampuni juu ya paa lake. Huo ni mkopo, na lile boksi linalojifunga ndiyo dhamana yake.

Tupige hesabu. Mama analipa siku tano kwa wiki, mbili analala gizani. Malipo 365 yatachukua wiki 73, yaani siku 511. Mama hajaona tatizo, lakini kampuni ilikopa kununua mitambo ile, na riba inahesabu siku zote 511. Kwa hiyo ukiniletea biashara ya namna hii, usinitajie idadi ya wateja. Niambie, katika siku 100 zilizopita, mteja wako amelipia ngapi?

Sasa kuna walioichukua sola ya nyumbani wakaihamishia kwenye pampu za umwagiliaji, na malipo ya kila siku wakayabeba vilevile. Hapa siwezi kunyamaza. Nilisimama kwenye shamba la nyanya, taa nyekundu inawaka kwenye boksi la pampu lililojifunga kwa kukosa malipo, maua yanapukutika nikiyagusa. Mkulima alikuwa amenunua mbolea na dawa, mfukoni hana kitu, na mavuno bado wiki sita.

Mtasema, "Si angeweka akiba?" Akiba ya nini, naye tangu apande miche hajauza hata tenga moja? Taa ikifungwa leo, kesho unalipa inawaka, hakuna kilichooza. Nyanya iliyokauka hailipiwi ikafufuka. Kufuli lile lile linalomsukuma mama kulipa, kwa mkulima linaua fedha yenyewe ya kulipia.

Dawa yake ipo, tena si ngumu. Kianzio kichukuliwe wakati wa mauzo ya msimu uliopita, awamu kubwa zisubiri mavuno, na pampu isifungwe mimea ikiwa shambani. Ukame ukija au bei ya sokoni ikianguka, awamu isogezwe msimu wa mbele, na gharama ya kusubiri iingizwe kwenye bei tangu mwanzo.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Gesi ya kupikia yenye mita nitaigusa tu: pale mteja analipia gesi kabla ya kuichoma, kwa hiyo vocha inafaa zaidi, ila mtungi na mita bado ni mali ya kampuni, nayo imekaa jikoni kwa mtu. Maswali, karibuni.