Bei Moja, Hadithi Mbili: Thamani ya Hatifungani ya Kampuni

Ndugu wasikilizaji, tuchukue hatifungani ya kampuni yenye thamani ya shilingi 100, riba ya asilimia 12 kila mwisho wa mwaka, na muda wa miaka 3. Hatifungani ya serikali, ambayo leo tunaihesabu kuwa haina hatari, inatoa asilimia 10. Kama kampuni hii ingeaminika kama serikali, ningeinunua kwa 104.97.

Lakini haiaminiki hivyo. Tuseme kila mwaka ambao kampuni inauanza ikiwa hai, kuna uwezekano wa asilimia 4 kwamba itashindwa kulipa. Basi uwezekano wa kuwa hai mwisho wa mwaka wa kwanza ni 0.96, wa pili, 0.96 mara 0.96, yaani 0.9216, wa tatu, 0.8847. Ikianguka, tunaokoa 40 kwa kila 100 za mtaji. Nasema mtaji, kwa sababu riba ambazo siku zake hazijafika hufa pamoja na kampuni.

Kila malipo nayazidisha kwa uwezekano wa kampuni kuwa hai siku hiyo, kisha nayarudisha kwenye thamani ya leo kwa asilimia 10. Riba ya kwanza inakuwa 10.47, ya pili 9.14, na 112 za mwisho zinakuwa 74.45. Jumla ni 94.06.

Bado kuna kile kitakachookolewa. Uwezekano wa kuanguka katika mwaka wa pili hasa ni 0.96 kutoa 0.9216, yaani 0.0384, si 0.04, maana ni lazima kwanza kampuni iwe imeuvuka mwaka wa kwanza. Hapa ndipo wanafunzi wangu hukosea zaidi. Miaka yote 3 inaongeza 3.83, na bei inafika 97.89.

Sasa nigeuze swali. Nimeikuta bei ya 97.89 sokoni, je, naweza kujua uwezekano wa kuanguka? Siwezi. Nikidhani hakuna kitakachookolewa, uwezekano wa takriban asilimia 2.6 kwa mwaka unanipa bei ileile. Bei ni moja, hadithi ni mbili, na kampuni ikiwa na afya hakuna anayeona tofauti.

Tofauti huonekana kampuni inapougua. Katika hadithi ya kwanza bei hushuka kuelekea 40. Katika ya pili huelekea sifuri. Kwa hatifungani za kawaida zisizo na dhamana, soko la kimataifa lilizoea kuweka 40. Tarehe 10 Oktoba 2008 ulifanyika mnada wa kupanga thamani ya hatifungani za Lehman Brothers, benki iliyofilisika mwezi uliotangulia. Bei iliyotoka ilikuwa 8.625 kwa kila 100.